Kahawa chungu asubuhi kabla ya kula: Tumbo linaumia kweli?

Saa 11:30 alfajiri, Ngamiani, Tanga. Watu wanatoka msikitini, muuza kahawa ameshaketi pembezoni mwa barabara, mdila wake uko juu ya jiko dogo la mkaa na vikombe vimo ndani ya ndoo ya maji. Hakuna kitumbua kilichokwishaiva, mama wa mihogo ndiyo kwanza anawasha moto. Lakini kahawa ipo tayari, chungu, ya moto, yenye tangawizi.

Kwa wengi hicho ndicho kitu cha kwanza kuingia tumboni tangu chakula cha usiku. Na hapohapo kwenye benchi utasikia ubishi ambao haujaisha miaka yote. Mmoja anasema kahawa kabla ya kula inatoboa tumbo. Mwingine anajibu kwamba babu yake aliinywa hivyo hivyo miaka sitini na alikufa kwa uzee tu. Siku hizi vijana nao wameleta jipya kutoka kwenye simu: eti ukiamka usiguse kahawa mpaka ipite saa moja na nusu.

Nani yuko sahihi? Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Ila anayesema kahawa inatoboa tumbo ndiye aliye mbali zaidi na ukweli, na kosa lake linaweza kumgharimu mtu, kwa sababu linamfanya amkamate asiye mwizi huku mwizi mwenyewe yumo ndani.

Kinachotokea kikombe kikishuka

Tumbo halisubiri chakula ndipo litengeneze tindikali. Tindikali ipo muda wote, usiku na mchana, na ukuta wa tumbo umefunikwa na ute mzito unaouzuia usichomwe. Kahawa ikiingia, inaliambia tumbo liongeze tindikali. Kinachofanya hivyo si kafeini peke yake, kwani hata kahawa iliyoondolewa kafeini huongeza tindikali. Kwa hiyo mtu anayedhani atapona kiungulia kwa kubadilisha aina ya kahawa anaweza asione tofauti yoyote.

Chakula kikiwemo, tindikali hiyo inapata kazi ya kufanya. Tumbo likiwa tupu, haina cha kusaga. Ndiyo maana baadhi ya watu husikia moto chini ya kifua, kichefuchefu au tumbo kunguruma dakika chache baada ya kikombe cha kwanza. Hisia hizo ni za kweli, hakuna anayezibuni. Swali ni kama moto huo unaacha kidonda.

Kwa mtu mwenye tumbo zima, utafiti haujaonyesha hivyo. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 8,013 wenye afya waliokuja kupimwa. Walilinganisha wanywaji kahawa na wasiokunywa, wakaangalia vidonda vya tumbo, vidonda vya utumbo mdogo wa juu na ugonjwa wa tindikali kupanda kooni. Hawakuona uhusiano kati ya kahawa na chochote kati ya hivyo.

Vidonda vingi vya tumbo vina wazazi wawili wanaojulikana. Wa kwanza ni bakteria anayeitwa Helikobakta pailori, ambaye watu wengi humpata tangu utotoni na kuishi naye bila kujua. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliomwanika hadharani miaka ya 1980. Wenzao walikuwa hawaamini, mpaka Marshall akaamua kunywa mwenyewe maji yenye bakteria hao mwaka 1984, akaugua tumbo, akathibitisha hoja yake. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli.

Mzazi wa pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao. Dawa hizi hupunguza kemikali ambazo mwili hutumia kutengeneza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo. Ukuta ukibaki wazi, tindikali inaupata. Hapo ndipo kahawa ya tumbo tupu inapoanza kuwa na maana tofauti: haichimbi shimo, lakini inamwaga tindikali kwenye shimo ambalo tayari lipo.

Mvuvi wa Sahare na vikombe vitatu

Chukua mfano wa mvuvi wa Sahare, pale ufukweni Tanga mjini. Huyu ni wa kutungwa, lakini kila anayejua mwalo atamtambua. Ameingia baharini jioni kufuata dagaa, amerudi saa 12 asubuhi. Usiku kucha usingizi wake ulikuwa wa kusinzia kidogo kidogo juu ya mashua. Chakula cha mwisho alikula saa 1 usiku. Mgongo unamuuma kwa kuvuta nyavu, kwa hiyo mfukoni ana karatasi ya diklofenaki aliyonunua dukani.

Anafika kijiweni. Vikombe vitatu vya kahawa, kashata mbili za karanga, kidonge kimoja. Halafu anaenda kusimamia mnada wa samaki, na chakula cha kueleweka atakiona saa 5 mchana.

Kwanza, kafeini kiasi gani imeingia? Inategemea mkono wa muuza kahawa na kahawa yenyewe. Tuseme ameweka gramu 100 za unga kwenye mdila unaotoa vikombe 30 vidogo. Kahawa ya arabika, ile inayolimwa Usambara na Kilimanjaro, ina takriban gramu moja na kidogo ya kafeini katika kila gramu 100. Robusta, ambayo ndiyo inayolimwa kwa wingi Kagera, ina karibu mara mbili yake. Ukigawa, kikombe cha arabika kinakuja kama miligramu 40, na cha robusta kama 70. Muuza kahawa akichanganya, uko katikati. Vikombe vitatu basi ni kati ya miligramu 120 na 210.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye afya hapati shida kwa miligramu 200 kwa mkupuo mmoja, au 400 kwa siku nzima. Kwa hiyo mvuvi wetu kama amekunywa robusta yupo ukingoni, na siku bado mbichi. Anayekunywa kikombe kimoja au viwili hana la kuogopa kwa upande huu. Ni muhimu kulisema hili kwa sababu vikombe vya kijiweni ni vidogo na havihesabiki. Mtu anasema "nimekunywa kahawa" kumbe ni vikombe sita, maana stori ilikuwa tamu.

Tumbo tupu linabadilisha jambo moja hapa, nalo ni kasi. Kafeini hunyonywa karibu yote ndani ya dakika 45 hivi. Chakula kikiwa tumboni, inachelewa na kupanda taratibu. Bila chakula inapanda haraka, na asiyezoea anaweza kusikia mikono inatetemeka, moyo unadunda, jasho jembamba. Wengi huita hali hiyo "njaa" au "presha imepanda". Mara nyingi ni dozi tu iliyofika yote kwa pamoja. Kipande cha muhogo kabla ya kikombe cha pili kinatosha kuona tofauti.

Kafeini hiyo haiondoki upesi. Baada ya takriban saa tano, nusu yake bado ipo mwilini, ingawa watu wanatofautiana sana. Wavuta sigara huiondoa haraka zaidi, jambo ambalo pengine linaeleza kwa nini jamaa fulani kijiweni anakunywa vikombe vinane na bado anasinzia.

Sasa turudi kwenye kashata. Ni desturi nzuri na ya kale, kahawa chungu na kitu kitamu, lakini kwa mtu aliyekesha kuna jambo la kujua. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliwachukua watu 29 wenye afya. Usiku mmoja waliwaacha walale vizuri, usiku mwingine wakawa wanawaamsha kila saa. Asubuhi waliwapa kinywaji cha sukari na kupima sukari ya damu. Usingizi mbovu wa usiku mmoja peke yake haukubadilisha kitu kikubwa. Lakini walipopewa kahawa chungu kali, yenye kafeini miligramu 300, nusu saa kabla ya kile kinywaji cha sukari, sukari ya damu ilipanda zaidi kwa karibu asilimia 50.

Sababu ni kwamba kafeini hufanya misuli isite kidogo kuipokea sukari kutoka kwenye damu. Kwa mvuvi kijana mwenye afya, kongosho litafidia na mambo yataenda. Kwa mwenye kisukari, au anayekielekea bila kujua, kahawa ya alfajiri ikifuatiwa na kashata, andazi na chai ya sukari ni asubuhi ngumu kwa mwili. Ikumbukwe kuwa dozi ya Bath ilikuwa kubwa kuliko vikombe vitatu vya Sahare, na watu walikuwa wachache, kwa hiyo hiyo asilimia 50 isibebwe kama ilivyo. Mwelekeo ndio wa kuzingatia.

Kilichobaki kwenye mfano huu ni kile kidonge, na hicho ndicho cha kuogopwa. Diklofenaki kwenye tumbo ambalo halijapokea chakula kwa saa 11, ikisindikizwa na kahawa, kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki. Mvuvi akianza kuumwa tumbo atasema kahawa imemponza. Ataacha kahawa. Ataendelea na kidonge, maana mgongo bado unauma. Na kidonda kitaendelea kukua.

Angefanya nini? Kidonge kimezwe baada ya mlo, si kabla, na kisigeuzwe kuwa cha kila siku bila mganga kujua. Hata kikimezwa baada ya kula hakiwi salama kabisa, kwa sababu dawa hiyo inafanya kazi yake mbaya kupitia damu pia, si kwa kugusa tumbo tu. Maumivu ya mgongo yakidumu, aulizie kama parasetamoli itamfaa, kwani hiyo haina tabia ya kuvua tumbo ute wake. Kahawa yenyewe anaweza kuendelea nayo, mradi tumbo halilalamiki.

Je, ni lazima usubiri ukishaamka?

Hoja ya vijana wa simu inakwenda hivi: ukiamka, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli ambayo inakuamsha yenyewe. Ukinywa kahawa wakati huohuo unagongana nayo, na mchana utachoka sana. Kwa hiyo subiri dakika 90.

Sehemu ya kwanza ni kweli. Kotisoli hupanda mtu anapoamka na kufika kileleni kama dakika 30 hadi 45 baadaye. Ni kweli pia kwamba kafeini inaweza kuiongeza. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa watu waliokaa siku tano bila kafeini na kwa waliokunywa kila siku. Wale waliokaa bila kafeini, kotisoli yao ilipanda vizuri walipopewa dozi ya asubuhi. Kwa waliozoea kunywa kila siku, ile ya asubuhi haikupanda tena. Mwili ulishazoea.

Kwa mzee wa Ngamiani ambaye hajakosa kikombe tangu ujana, basi, mgongano huo karibu haupo. Na hakuna utafiti uliowahi kuonyesha kwamba kusubiri dakika 90 kunazuia uchovu wa mchana. Kafeini inafanya kazi kwa kukalia vile viti ambavyo kemikali ya usingizi, adenosini, ingevikalia kwenye ubongo. Uchovu wa mchana unategemea zaidi ulilala saa ngapi kuliko ulikunywa kahawa dakika ya ngapi.

Kinyume chake, kuna watu ambao kahawa ya mara tu baada ya kuamka inawafaa. Dereva wa daladala anayetoka Pangani alfajiri, mlinzi anayepokea zamu, fundi anayepanda ngazi. Dakika za kwanza baada ya kuamka ubongo bado mzito, na kafeini inaondoa uzito huo. Inahitaji robo saa hadi nusu saa kuanza kusikika, kwa hiyo anayekunywa na kushika usukani papo hapo bado anaendesha na usingizi.

Wengine hawaisubiri kafeini kwa sababu nyingine kabisa: kahawa inawapeleka chooni. Hili watu hulicheka, lakini limepimwa. Kwa baadhi ya watu utumbo mpana huanza kujongea dakika nne tu baada ya kunywa. Hakuna ubaya ndani yake. Mwenye tumbo la kuharisha tu ndiye anayepaswa kuiahirisha.

Mahali ambapo "kabla ya kula" ni bora zaidi

Hapa ubishi wa kijiweni unageuka kichwa chini. Kuna jambo moja ambalo kahawa kabla ya chakula ni nzuri kuliko kahawa pamoja na chakula, nalo ni damu.

Kahawa na chai zina vitu vinavyoshika madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, yakapita bila kunyonywa. Chuma cha mbaazi, maharage na mchicha ndicho kinachoathirika zaidi. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwapa watu mlo wa mkate na nyama, wakapima chuma kilichoingia mwilini. Kahawa iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza chuma kwa asilimia 39. Chai ilipunguza kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilizuia vilevile kama iliyonywewa na mlo. Lakini kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikupunguza kitu.

Kwa mzee mwenye damu ya kutosha hili halina uzito. Kwa wanawake ni habari nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wa umri wa kuzaa nchini wana upungufu wa damu. Mama wa Muheza anayekula mbaazi za nazi na maandazi, akashushia na chai ya rangi au kahawa hapohapo, anakosa sehemu kubwa ya chuma cha zile mbaazi. Akinywa kikombe chake alfajiri, akapika, akala saa moja baadaye na maji au embe, amepata vyote viwili.

Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki avimeze kwa maji, mbali na kahawa na chai. Na kwake yeye kiwango cha kafeini ni kidogo zaidi. Mashirika mengi ya afya yanamshauri asizidishe miligramu 200 kwa siku, yaani vikombe vitatu vidogo au pungufu. Ujauzito unapunguza kasi ya mwili kuiondoa kafeini, na miezi ya mwisho kikombe cha asubuhi kinaweza kuwa bado kipo usiku.

Siku ya kipimo na mwezi wa mfungo

Kuna asubuhi moja ambayo kahawa ya tumbo tupu haifai kabisa, hata kikombe kimoja. Ni siku uliyoambiwa uende hospitali bila kula ili upimwe sukari. Watu wengi hupitia kijiweni njiani wakisema, "Hii chungu, haina sukari." Kweli haina, lakini kafeini inaweza kubadilisha kiwango cha sukari kwenye damu, na jibu likawa si la mtu bali la kikombe. Maji matupu tu, kwa saa nane au zaidi kabla ya kipimo. Ukishakunywa, mwambie anayekupima. Ni afadhali urudi kesho kuliko kuanzishiwa dawa isiyo yako, au kuambiwa uko salama kumbe sivyo.

Ramadhani nayo huleta tumbo tupu la aina yake. Siku mbili tatu za mwanzo wanywaji wengi huumwa kichwa mchana na kusingizia njaa. Mara nyingi ni mwili unaoidai kafeini. Maumivu hayo huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Anayelijua hili hupunguza vikombe wiki moja kabla ya mwezi kuandama, kimoja kimoja. Jioni, baada ya saa 13 au zaidi bila kitu tumboni, mpangilio wa zamani wa futari ya pwani unafaa: tende na maji, uji, kitu cha kutafuna, ndipo kahawa baadaye. Ila ikisogea mpaka baada ya tarawehe itakula usingizi wa kabla ya daku.

Kitu kingine kinachosahaulika ni joto lenyewe. Kahawa ya mdila haishuki motoni, inamiminwa ikichemka. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema kahawa yenyewe haina ushahidi wa kutosha wa kuleta saratani, lakini vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Saratani hiyo ipo kwa wingi Afrika Mashariki. Kikombe kidogo kinapoa upesi. Dakika chache za mazungumzo zinatosha.

Utajuaje kama ni kahawa?

Mtu mwenye kiungulia cha asubuhi anaweza kujipima mwenyewe kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza aendelee kunywa kiasi kilekile, lakini baada ya kula. Kama moto umezimika, tatizo lilikuwa mpangilio tu, na hana haja ya kuacha. Kama bado upo, wiki ya pili aache kabisa, akijua kichwa kitamuuma siku mbili za mwanzo. Wengine kahawa inawalegezea mlango wa juu ya tumbo, tindikali ikapanda kifuani hata wakiwa wameshiba. Hao nafuu yao ni kupunguza vikombe, na kutolala mara baada ya kunywa.

Lakini kama maumivu yapo palepale bila kahawa, yanamwamsha usiku, au yanatulia akila na kurudi saa chache baadaye, kahawa haikuwa na kesi. Hapo ni kwenda kupima yule bakteria. Kipimo cha kinyesi kinamwonyesha kama bado yupo. Kile cha damu kina kasoro yake, kwa sababu kinaweza kusema ndiyo hata kwa mtu aliyekwishapona. Jambo linaloharibu kipimo cha kinyesi ni kumeza omeprazoli siku hizo, dawa ambayo watu wengi hujinunulia wenyewe. Inatakiwa iachwe wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne, la sivyo bakteria anajificha na jibu linakuja "hakuna". Akipatikana, tiba ni antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, kwa kawaida siku 14, na ni lazima zimalizwe hata kama tumbo limetulia siku ya tano.

Na zipo dalili ambazo hazingoji wiki mbili za majaribio. Kinyesi cheusi, chenye kunata kama lami. Kizunguzungu na kuishiwa nguvu vinavyokuja pamoja nacho. Kupungua uzito bila sababu, au chakula kukwama kikishuka. Na matapishi meusi yenye chembechembe, ambayo madaktari huyafananisha na mashapo ya kahawa. Mtu aliyetoka kunywa vikombe vitatu anaweza kuyaona akadhani ni kahawa yake imerudi. Ni damu iliyokaa tumboni ikageuka rangi kwa tindikali, na anatakiwa awe njiani kwenda hospitali saa hiyohiyo, akiwa ameibeba ile karatasi ya vidonge aliyokuwa anameza.